Majeruhi anayetoka damu: kwa nini damu yake huacha kuganda, na kwa nini hupewa na plazma

Kaka yangu alipata ajali, akavunjika mifupa ya nyonga. Damu ilikuwa inamtoka, lakini wauguzi walishughulika kumvua nguo zilizolowa na kumfunika mablanketi. Baridi ilikuwa na umuhimu gani wakati ule?

Baridi ilikuwa inazuia damu yake isigande. Damu hugandishwa na protini ambazo hufanya kazi vizuri mwili ukiwa na nyuzi joto 37 hivi. Joto likishuka chini ya 34, protini hizo huzubaa, na chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoziba tundu la mshipa, hazishikamani sawasawa.

Mtu aliyepoteza damu nyingi hupoa hata akiwa mahali penye joto. Misuli yake haipati oksijeni ya kutosha, kwa hiyo hutoa joto kidogo na asidi nyingi. Kipimo cha pH ya damu, ambacho hushuka asidi ikiongezeka, kwa kawaida ni 7.35 hadi 7.45. Kikishuka kufikia 7.2 au chini ya hapo, protini za kugandisha hudhoofika zaidi na moyo husukuma kwa shida. Damu isipoganda, nyingine hutoka. Ikitoka, mwili unapoa na asidi inaongezeka tena. Wengi hufia katika mzunguko huu hata pale ambapo jeraha lenyewe lingeshonwa.

Kuna mtego hapa ambao hata wahudumu husahau. Maabara hupasha sampuli hadi nyuzi 37 kabla ya kupima kuganda. Majibu yanaweza kurudi mazuri, na mgonjwa mwenye nyuzi 33 bado anachuruzika kwenye kila tundu la sindano. Mchuruziko huo uaminiwe kuliko karatasi.

Mbona hawakumjazia maji ya dripu mpaka presha ipande?

Tuchukue mtu wa kilo 70. Ana damu kama lita 5. Tuseme amepoteza 2, zimebaki 3. Ukimwekea lita 2 za maji ya chumvi, mishipa itajaa na presha itapanda kwa muda, lakini protini za kugandisha zilizokuwa ndani ya lita 3 sasa zimetawanyika katika lita 5. Nguvu yake imeshuka hadi kama asilimia 60, kabla hatujahesabu zile zilizokwisha kutumika kwenye jeraha. Maji hayo yakiwa na nyuzi 20, yatampunguzia joto kama nusu nyuzi. Na maji ya chumvi yakiwa mengi huongeza asidi. Yaani umelisha mambo yote matatu, baridi, asidi na damu kutoganda, kwa mkono mmoja, na presha iliyopanda inaweza kusukuma nje donge la damu lililokuwa limeanza kuziba mshipa.

Kama amemwaga damu, si arudishiwe damu? Plazma na hizo chembe sahani ni za nini?

Mfuko unaoitwa "damu" mara nyingi una chembe nyekundu tu. Damu ya mchangiaji hutenganishwa: chembe nyekundu huwekwa kwenye jokofu, plazma, yaani maji ya damu yenye zile protini za kugandisha, hugandishwa kuwa barafu, chembe sahani hukaa kwenye joto la kawaida la chumba zikitikiswa taratibu. Chembe nyekundu hubeba oksijeni, lakini hazigandishi. Ukimpa mifuko 8 ya hizo peke yake, utakuwa umemzimua kama ulivyomzimua kwa maji.

Ndiyo maana hupewa kwa uwiano: mfuko 1 wa chembe nyekundu, 1 wa plazma, na chembe sahani za mchangiaji 1. Hata hivyo mchanganyiko huo ni mwepesi kuliko damu aliyoimwaga, kwa sababu kila mfuko una maji ya kuhifadhia. Hakuna nafasi ya kuzimua zaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wenye majeruhi 680, ulilinganisha uwiano huo na ule wa chembe nyekundu maradufu. Vifo vya jumla havikutofautiana kwa kiwango cha kuthibitika. Lakini waliokufa kwa kuishiwa damu katika saa 24 za kwanza walikuwa kama 9 kwa kila 100 kwenye uwiano sawa, na kama 15 kwa wale wengine. Kwangu hilo linatosha kuita plazma mapema.

Mifuko ipite kwenye kifaa cha kupasha, na mgonjwa aongezewe kalsiamu, kwa sababu sitreti inayozuia damu isigande mfukoni huikamata kalsiamu ya mgonjwa, na bila kalsiamu damu haigandi.

Je, hakuna sindano ya kusimamisha damu?

Ipo, asidi ya traneksamiki. Hulinda donge la damu lisiyeyuke. Mtu mzima hupewa gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8, na ianze ndani ya saa 3 tangu ajali. Ikichelewa zaidi ya hapo inaweza kudhuru. Haizibi mshipa mkubwa uliokatika. Huo unamhitaji daktari wa upasuaji, ambaye kwa mgonjwa aliyepoa hivi huziba panapovuja tu, humpeleka chumba cha wagonjwa mahututi apashwe joto, na kazi iliyobaki huimaliza siku nyingine.