Watu watano, filamu ya dakika mbili: dhana potofu kuhusu nani afanye nini

Timu yetu ya animesheni hapa Mwanza ina watu watano: mwongozaji, prodyuza, mchoraji mkuu, mtu wa sauti na mhariri. Filamu yetu ya kwanza ilikuwa ya dakika 2, inahusu wavuvi wa dagaa wanaoingia ziwani na taa zao usiku usio na mbalamwezi. Makosa mengi tuliyofanya yalitokana na kuamini haya yafuatayo.

Dhana potofu: Mhariri anaanza kazi picha zikishakamilika.

Kwenye filamu ya kamera, mhariri hupewa picha nyingi akachagua. Kwenye animesheni hakuna rundo la kuchagua, maana kila sekunde imechorwa. Filamu yetu ina fremu 24 kwa sekunde, na kila mchoro tunaushikilia fremu 2, kwa hiyo sekunde moja inakula michoro 12. Dakika 2 ni michoro 1,440, na hapo ni kama kinachosogea ni mtu mmoja tu. Mchoraji wetu akijitahidi anamaliza sekunde 2 kwa siku.

Sisi tulichora kwanza. Kulikuwa na sekunde 18 za mtumbwi ukisukumwa kutoka mchangani, kazi nzuri kweli. Mhariri alipounganisha, tukaona picha inayofuata inaanza mtumbwi ukiwa tayari katikati ya ziwa, na hadithi haikupungukiwa chochote bila zile sekunde 18. Michoro 216, siku 9 za mtu, tukaiondoa.

Siku hizi mhariri anaingia mara tu storibodi, yaani hadithi nzima iliyopangwa kwa picha za penseli, inapokamilika. Anaziweka zile picha za penseli kwenye programu ya kuhariri, anazipangia muda pamoja na sauti, na hiyo ndiyo animatiki. Kukata hapo hakugharimu kitu. Mwishoni bado ana kazi, ila ni ya kupunguza fremu chache hapa na pale, kwa sababu picha iliyosimama haikuonyeshi sawasawa mwendo utakavyohisiwa.

Dhana potofu: Sauti huwekwa mwisho.

Mawimbi, upepo na muziki, sawa. Maneno ya wahusika hapana: yanarekodiwa kabla midomo haijachorwa. Chukua neno "mvuvi". Kwenye "m" midomo imefumba, kwenye "v" meno ya juu yanagusa mdomo wa chini, kwenye "u" midomo inachongoka, "v" inarudi, kisha "i" inatanua mdomo. Mtu akilisema kwa nusu sekunde, una fremu 12, yaani michoro 6 tu. Mtu wa sauti ndiye anayesikiliza rekodi na kuandika kila herufi inaangukia fremu ipi. Ile "m" ikikosa fremu zake 2 za kufumba, mtazamaji anaona mdomo unapwaya, hata kama hawezi kusema kasoro iko wapi.

Kwa hiyo huyu mtu ana vipindi viwili vya kazi, mwanzo na mwisho, na katikati anaweza kwenda Mwaloni alfajiri kurekodi kelele za soko. Kipaza sauti akifunike vizuri, upepo wa ziwa hausameheki.

Dhana potofu: Prodyuza ni mtu wa studio ya muziki.

Hii ni ya kwetu kabisa, kwa sababu prodyuza tunayemjua ni yule anayetengeneza biti. Kwenye filamu, prodyuza anashika fedha, ratiba, mikataba ya waigizaji wa sauti na jedwali la kila shoti: imefika wapi, iko kwa nani, nakala ya pili imehifadhiwa wapi.

Dhana potofu: Mchoraji mkuu achore kila kitu.

Kwanza achore karatasi ya mfano: mhusika kutoka mbele, ubavuni na nyuma, urefu wake kwa kulinganisha na wenzake, na rangi zake za mchana na za usiku. Akiwa nayo, wengine wanaweza kumsaidia kupaka rangi bila shati la mvuvi kubadilika kila shoti.

Dhana potofu: Mwongozaji na prodyuza, mmoja wao lazima awe bosi wa mwenzake.

Kwetu prodyuza anasema siku zimebaki ngapi, mwongozaji anasema zitumike wapi. Mwongozaji alitaka mwanga wa taa ucheze juu ya maji kwenye shoti zote 7, jumla sekunde 21. Prodyuza akafungua jedwali: zimebaki siku 4, yaani sekunde 8. Hakumwambia aache. Mwongozaji akachagua shoti ya mwisho peke yake, ile ambayo mvuvi anainua wavu, ichorwe maji mapya yote. Zile 6 zikapewa mzunguko mmoja wa michoro 12 unaojirudia.