Raba bendi ikivutwa inapata joto, na si kwa msuguano

Mawakala wa pesa pale Kariakoo hufunga noti kwa raba bendi kutwa nzima, kwa hiyo kuipata si kazi. Chagua iliyo pana. Iguse kwenye mdomo wa juu uijue ilivyo, ivute ghafla hadi mara nne ya urefu wake, kisha iguse tena hapo hapo. Ina joto.

Dhana: joto hilo ni la msuguano wa ndani.

Endelea na jaribio. Ishike hivyo hivyo ikiwa imevutwa, nusu dakika ipoe, halafu iachie irudi ghafla na uiguse tena. Sasa ni baridi kuliko mwanzo. Msuguano haupoozi kitu. Upo kidogo, sikatai, ila ungekuwa ndio chanzo, raba ingepata joto wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Ukweli: raba ni minyororo mirefu ya molekuli iliyojikunjakunja ovyo. Mnyororo uliolegea unaweza kukaa kwa mikao mingi mno. Ukinyooshwa, mikao inayobaki ni michache. Wingi huo wa mikao ndio unaopimwa kwa entropia, na mtikisiko wa molekuli huurudisha mnyororo kwenye hali ya mikao mingi. Hiyo ndiyo nguvu unayoisikia vidoleni. Kazi ya mkono wako haihifadhiwi kwenye vifungo vya atomu kama ilivyo kwa springi ya chuma. Karibu yote huishia kuwa mtikisiko, yaani joto, kama hewa inayobanwa kwenye pampu ya baiskeli. Ukivuta polepole, joto linatoroka kabla hujalihisi.

Dhana: joto hulegeza raba iliyovutwa.

Ukweli: huikaza. Ning'iniza jiwe kwenye raba hadi irefuke mara mbili, kisha imwagie maji ya moto: jiwe linapanda kidogo. Kutoka nyuzi 27 hadi 57 za Selsiasi ni kutoka Kelvini 300 hadi 330, na urefu ukibaki uleule, nguvu huongezeka kwa takriban sehemu moja ya kumi. Jiwe lisipopanda, huenda ni jepesi mno. Raba iliyovutwa kidogo sana hutanuka kama vitu vingine. Mipira ya kufungia mizigo kwenye bodaboda hulegea juani baada ya muda, lakini huko ni kuzeeka: oksijeni inaharibu minyororo.

Dhana: salfa huwekwa ili raba iwe ngumu.

Ukweli: huwekwa ili irudi. Raba mbichi ukiivuta na kuishikilia, minyororo huteleza na haikumbuki urefu wake. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba ikipashwa moto pamoja na salfa inatulia. Salfa hujenga madaraja kati ya minyororo. Sehemu 1 hadi 3 kwa kila 100 za raba zinatosha kwa raba laini. Ukifikisha 30 na zaidi, ndipo unapata eboniti, ngumu kabisa. Madaraja hayo ndiyo yanayofanya tairi kuukuu lisiyeyuke likamiminwa upya: ukilichoma, linaungua tu.