Kufuli mlangoni: jinsi ya kumtoa mpangaji wa duka Kenya bila kujitia hasarani

Je, mwenye jengo anaweza kumfungia mpangaji duka akikosa kulipa kodi, hasa kama hawakuandikiana mkataba?

Hawezi. Tena kukosekana kwa mkataba hakumpi nafuu yoyote, bali kunamfunga zaidi. Wenye majengo wengi huacha mambo yawe ya mdomo wakidhani hivyo watamtoa mtu wakati wowote wapendao. Sheria ya Kenya inasema kinyume chake.

Sheria yenyewe ni Sura ya 301, inayohusu wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula. Inalinda kile kinachoitwa upangaji unaodhibitiwa. Upangaji huwa wa namna hiyo ukiwa haukuandikwa popote. Ukiwa umeandikwa, unahesabika pia endapo muda wake hauzidi miaka 5, au endapo una kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka hiyo 5 kwa sababu nyingine mbali na kukiuka masharti. Na "duka" hapa si la rejareja tu. Ni mahali popote panapouzwa bidhaa, kwa jumla au rejareja, au panapotolewa huduma kwa malipo, kwa hiyo saluni na fundi cherehani wamo. Wasiokuwamo ni wale ambao serikali au kaunti ni mhusika katika upangaji wao, kama wenye vibanda vya soko la kaunti.

Upangaji huo hauvunjwi ila kwa notisi ya maandishi iliyojazwa kwenye fomu maalumu, Fomu A, inayotaja sababu. Barua ya kawaida haitoshi, hata ikiandikwa na wakili kwa maneno makali. Mahakama ya Rufani ilishikilia msimamo huo mwaka 1995 katika shauri lililohusu jengo la biashara la Diani: utaratibu usipofuatwa kama ulivyoandikwa, notisi ni kama haikutolewa. Ujumbe wa simu nao si njia iliyotajwa. Notisi hupewa mpangaji mkononi, au mtu mzima wa familia yake, au mfanyakazi wake pale dukani, au hutumwa kwa posta ya rejista kwenye anwani yake ya mwisho inayojulikana.

Sababu zinazokubalika zimeorodheshwa kwenye kifungu cha 7, na zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni kodi: mpangaji awe amekaa miezi 2 bila kulipa tangu siku kodi ilipostahili kulipwa, au awe na mazoea ya kuchelewesha. Ya pili ni kubomoa au kujenga upya, na hapa maneno matupu hayasaidii. Mwenye jengo ataulizwa ramani zilizoidhinishwa na kaunti, na pesa za ujenzi ziko wapi. Ya tatu ni kwamba mwenyewe anataka kupatumia, kwa biashara yake au makazi yake, kwa muda usiopungua mwaka 1. Hiyo ya tatu ina mtego: aliyelinunua jengo ndani ya miaka 5 iliyopita haruhusiwi kuitumia. Mlango huo umefungwa ili mtu asinunue jengo leo kwa shabaha ya kuwafukuza waliomo kesho. "Nimepata mpangaji anayelipa zaidi" haimo kwenye orodha, na hata kupandisha kodi ya upangaji huu kunataka Fomu A ile ile.

Tuchukue mfano wa saluni ya Mtwapa. Kodi ni shilingi 18,000 kwa mwezi, hulipwa tarehe 1, na makubaliano yalikuwa ya mdomo. Kodi ya Januari na ya Februari hazijalipwa, ya Machi imelipwa, na deni ni 36,000. Kufikia tarehe 1 Machi kodi ya Januari imetimiza miezi 2, na sababu ipo. Mwenye jengo anajaza Fomu A na mwenye saluni anaipokea tarehe 10 Machi. Sheria inataka isipungue miezi 2 kamili tangu kupokewa, kwa hiyo haiwezi kufanya kazi kabla ya tarehe 10 Mei. Wengi hukosea hapa kwa kuandika "siku 60". Siku 60 kutoka tarehe 10 Machi huishia tarehe 9 Mei, pungufu ya siku moja, na siku hiyo moja inatosha kuiua notisi. Isitoshe, tarehe ya kuhama haifai kuwa kabla ya siku ambayo upangaji wa mwezi kwa mwezi ungeweza kwisha wenyewe. Mwenye busara ataandika tarehe 1 Juni. Na kama walikubaliana notisi ndefu kuliko miezi 2, hiyo ndefu ndiyo itakayofuatwa.

Mpangaji naye ana saa yake. Ana mwezi 1 tangu kupokea notisi, yaani hadi tarehe 10 Aprili, kumjulisha mwenye jengo kwa maandishi kama anakubali au hakubali. Asipokubali, lazima apeleke shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe 1 Juni. Akishalipeleka, notisi inalala mpaka Baraza liamue. Akinyamaza, notisi inashika kuanzia tarehe iliyoandikwa, na kilio cha baadaye hakina nguvu nyingi.

Hata hapo mwenye jengo hachukui kufuli. Mpangaji akigoma kutoka, inatafutwa amri ya Baraza, nakala iliyothibitishwa inawasilishwa mahakamani, kisha inatekelezwa kama hukumu ya mahakama. Kukamata mali kwa ajili ya kodi pia kunahitaji ruhusa ya Baraza kwanza, ndipo dalali mwenye leseni aingie.

Sasa tuseme mwenye jengo aliona safari hii ni ndefu, akaiacha Fomu A na kuifunga saluni tarehe 11 Machi. Mpangaji anakwenda Baraza, na wiki 3 baadaye anapata amri ya kufunguliwa. Taarifa za malipo ya simu zinaonyesha alikuwa akibaki na takriban 2,500 kwa siku. Kwa siku 21 hiyo ni 52,500, na anaweza kuidai kama fidia. Aliyekuwa akidai 36,000 sasa anadaiwa zaidi ya hiyo, na kodi ya siku alizozuia mwenyewe biashara isifanyike hana uso wa kuidai. Kubwa kuliko hilo ni vitu vya ndani. Aliyeshika ufunguo ndiye atakayeulizwa kikaushio cha tatu kiko wapi, na hakuorodhesha chochote siku ya kufunga. Kung'oa mlango au kukata umeme kunaishia pale pale.

Deni halifutiki, wala upangaji haujaisha. Ndiyo maana baada ya fujo zote mwenye jengo hurudi kwenye Fomu A, na miezi 2 huanza kuhesabiwa upya. Akishindwa shauri lenyewe, hawezi kutoa notisi nyingine kwa sababu ile ile mpaka miezi 12 ipite. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Nyumba za kuishi zina njia zake. Zile za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi zimo chini ya sheria nyingine, Sura ya 296, yenye baraza lake. Zilizobaki hufuata mkataba, na kama ni mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi 1, inayoishia siku ya kulipa kodi.