Siri haisomwi ndani ya kashe: utekelezaji wa kukisia na kipimo cha muda

Kuna maelezo ya Spectre, udhaifu wa kiusalama wa prosesa, yanayozunguka sana kwenye kozi za usanifu wa kompyuta, na nimeyakuta tena juzi kwenye slaidi: prosesa inakisia, inakosea, inasahau kufuta ilichofanya, siri inabaki kwenye kashe, ile hifadhi ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa, na mshambuliaji anaisoma humo. Yanavutia kwa ufupi wake, lakini yana makosa mawili, na anayeyaamini huishia kuchagua kinga isiyokinga.

Dhana yenyewe si ngumu. Prosesa ikifika kwenye tawi ambalo sharti lake bado halijajulikana, haikai kusubiri. Kitabiri kinaangalia tawi hilo lilielekea wapi siku za nyuma, kinachagua njia, na maagizo ya njia hiyo yanaanza kutekelezwa. Sharti likishajulikana na ubashiri ukawa sahihi, matokeo yanathibitishwa. Ukiwa si sahihi, yanatupwa.

Kosa la kwanza ni hilo neno "inasahau". Prosesa haisahau kitu. Rejista zinarudi zilivyokuwa, hakuna kilichoandikwa kwenye kumbukumbu kuu, na hakuna agizo linalofuata litakaloikuta ile thamani iliyotupwa. Kwa mujibu wa usanifu, yaani yale ambayo prosesa imemwahidi mwandishi wa programu, kazi imefutwa kikamilifu. Ila usanifu haukuwahi kuahidi chochote kuhusu kilichomo kwenye kashe. Kashe ilichukuliwa kuwa suala la kasi tu: data ikiwemo, jibu linakuja baada ya mizunguko michache ya saa, isipokuwemo, kulifuata kwenye kumbukumbu kuu huchukua mamia ya mizunguko. Thamani ni ileile kwa njia zote mbili. Kwa hiyo wabunifu hawakuona sababu ya kuondoa kwenye kashe kile kilicholetwa na ubashiri mbovu, na kwa vipimo vya wakati ule walikuwa sahihi.

Kosa la pili ndilo ninalotaka tukae nalo. Tuchukue aina ya kwanza ya Spectre, iliyotangazwa Januari 2018 na kupewa namba CVE-2017-5753. Msimbo wa mwathiriwa ni huu:

```c
if (x < urefu)
    y = meza[orodha[x] * 4096];
```

Hauna kasoro yoyote ya kawaida, kwani mpaka unakaguliwa kabla ya kusoma. Tuseme mshambuliaji ndiye anayechagua `x`, na anaweza kupima muda wa kuifikia `meza`, labda kwa kuwa programu mbili zinaitumia kwa pamoja. Kwanza anauita msimbo huu mara kadhaa kwa `x` halali, hadi kitabiri kizoee kwamba sharti hutimia. Kisha anahakikisha `urefu` na `meza` havimo kwenye kashe. Sasa anatoa `x` kubwa kupita mpaka, iliyohesabiwa ili `orodha[x]` iangukie kwenye baiti ya siri mahali pengine katika kumbukumbu ya mwathiriwa. Tuseme baiti hiyo ni herufi K, yaani 75.

Kwa kuwa `urefu` haumo kwenye kashe, jibu la ukaguzi linachelewa. Katika muda huo wa kusubiri, prosesa inaendelea kwa kukisia: inasoma 75, inazidisha kwa 4096, inapata 307200, na inaagiza `meza[307200]` iletwe. Mstari mmoja wa kashe, baiti 64, unaingia. Kisha `urefu` unafika, ubashiri unaonekana mbovu, 75 inatupwa, `y` haibadiliki. Mstari ule unabaki.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Ndani ya mstari uliobaki hakuna siri. Mna chochote kilichokuwa kwenye `meza`, pengine sifuri tupu. Ni kweli kwamba siri nayo iko kwenye kashe, katika mstari wake yenyewe, lakini mshambuliaji hana ruhusa ya kuusoma mstari huo na wala hajaribu. Anachofanya ni kuigusa `meza`, ambayo anaruhusiwa kuisoma, mahali 256, moja kwa kila thamani ambayo baiti inaweza kuwa nayo, huku akipima muda kwa kihesabu cha mizunguko cha prosesa. Mahali 255 panajibu polepole. Pa 75 panajibu haraka. Siri iligeuzwa kuwa anwani, na kilichovuja ni habari ya anwani ipi iliguswa.

Ndiyo maana ya ile 4096. Kama tungeiondoa, thamani 64 zinazofuatana zingeangukia kwenye mstari mmoja wa kashe, na wepesi wa mstari huo usingetuambia ni ipi kati yao. Kuzitenganisha kwa 64 kungetosha kuzipa kila moja mstari wake, lakini prosesa ina tabia ya kuleta mapema mistari ya jirani, na kwa kawaida uletaji huo hauvuki ukurasa wa baiti 4096. Kwa sababu hiyohiyo mshambuliaji hazipimi nafasi zake kwa kufuatana 0, 1, 2. Anazichanganya, ili prosesa isigundue mpangilio na kumletea mistari ambayo siri haikuihusu.

Kipimo kimoja hakitoshi. Programu nyingine huleta na kufukuza data bila mpango. Katika programu ya mfano iliyochapishwa pamoja na makala ya watafiti, kikomo cha "haraka" kiliwekwa mizunguko 80, na jaribio linarudiwa hadi thamani moja izidi nyingine waziwazi. Kitabiri kisipodanganyika, au `urefu` ukiwahi kufika, mahali 256 pote panakuwa polepole na hakuna cha kusoma.

Sasa tazama kinachotokea kwa anayeamini kwamba siri inasomwa kwenye kashe. Atapendekeza kashe isafishwe kila programu moja inapompisha mwenzake. Lakini msimbo wa mshambuliaji ukiwa ndani ya mchakato uleule, kama hati ya tovuti ndani ya kivinjari, anapima kabla ya zamu kubadilika. Mwingine atasema tupunguze usahihi wa saa, na vivinjari vilifanya hivyo mwaka 2018. Hilo linamchelewesha mshambuliaji tu, halimzuii, maana anaweza kurudia vipimo vingi zaidi au kujitengenezea kihesabu. Kinachokata mnyororo ni kuizuia siri isifike kwenye hesabu ya anwani. Kiini cha Linux kina `array_index_nospec()` kwa kazi hiyo: inaibana `x` kwa hesabu ya biti badala ya tawi, hivyo `x` iliyopita mpaka inageuka 0 hata prosesa ikiwa inakisia. Kwenye x86 unaweza pia kuweka agizo `lfence` baada ya ukaguzi, nalo linasimamisha kusonga mbele hadi jibu lijulikane, kwa gharama ya kasi.

Mtu anaweza kuuliza kama ruhusa za kumbukumbu hazingezuia haya. Hapa hazihusiki: mwathiriwa anasoma kumbukumbu yake mwenyewe, anayoruhusiwa kuisoma. Habari ya kuvuka ukuta wa ruhusa kati ya programu na kiini cha mfumo ni ya Meltdown, udhaifu mwingine wa prosesa, na kinga yake ni nyingine.

Basi kwenye ile slaidi ningefuta neno "inasahau" na kubadilisha mstari mmoja. Badala ya "siri inabaki kwenye kashe na mshambuliaji anaisoma", iandikwe "prosesa inatumia siri kuchagua anwani, na mshambuliaji anapima ni anwani ipi iliyochaguliwa."