Visiki ishirini kwenye azimio la kazi

Siku ya Mazingira Duniani ni 5 Juni, na siku yetu ya kitaifa ya kupanda miti ni 1 Aprili. Aliyekulia Dodoma ataona tatizo hapohapo. Mvua zetu ni za msimu mmoja: huanza Desemba, na ikifika Aprili zinaaga. Shule inapanda miche kiangazi kikiwa mlangoni, kisha wanafunzi wanabeba ndoo za maji hadi wanachoka. Nimefundisha jiografia mkoani hapa miaka mingi, na miche iliyokaukia mikononi mwa watoto waliojitahidi bado inaniuma.

Ndiyo maana mwalimu akiniuliza aingizeje mazingira darasani, ninamwambia aanze na kisiki hai. Mti uliokatwa mara nyingi haujafa. Mizizi yake ipo, imeshuka kwenye unyevu ambao mche wa jana hauwezi kuufikia, na kila mwaka hutoa machipukizi ambayo mbuzi huyala au jembe huyafyeka. Kazi yetu ni kuchagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, kukata mengine, kupogoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu, na kufunga kitambaa ili kila apitaye ajue kisiki hicho kina mwenyewe. Baada ya miezi michache unarudi kupogoa tena. Hakuna kumwagilia. Wakulima wengi wa vijiji vya Dodoma wanaifahamu njia hii, kwa hiyo mwanafunzi akikwama anaweza kumuuliza babu yake.

Lakini kupogoa peke yake ni kazi ya mikono tu. Kunakuwa somo pale kunapoingia kwenye azimio la kazi la mwalimu wa biolojia, wa hisabati na wa jiografia, bila kuomba kipindi kipya. Sisi tulichukua visiki ishirini pembezoni mwa uwanja wa shule: kumi vipogolewe, kumi viachwe vilivyo ili tupate cha kulinganisha.

Hapo ndipo tulipokosea mwanzoni. Wanafunzi walichagua vile vizuri zaidi ndivyo vipogolewe. Kwa moyo mwema kabisa, lakini matokeo yalikuwa yameshaamuliwa kabla ya mvua kunyesha, kwa sababu kisiki chenye afya kingeshinda hata bila panga. Tukaanza upya: namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, kura ikapigwa, kumi za kwanza zikapogolewa. Kipindi hicho kimoja kiliwafundisha maana ya sampuli kuliko maelezo yangu yote ya ubaoni.

Upimaji wenyewe ni uzi na rula. Unazungusha uzi kwenye chipukizi nene kuliko yote ya kisiki, unaunyoosha kwenye rula, unagawanya kwa 3.14. Uzi wa sentimita 6.3 unakupa kipenyo cha sentimita 2. Mara ya pili tulipopima, baadhi ya machipukizi yalionekana yamekonda. Mti hai haukondi kiasi hicho. Aliyepima safari hii alishika uzi juu zaidi ya mwenzake. Tangu hapo kila chipukizi linalopimwa lina pete ya rangi sentimita 30 kutoka ardhini, na uzi unakaa juu ya pete. Ukiona kipenyo kimeshuka, rudi kwenye pete kabla hujamlaumu mbuzi.

Mwalimu wa hisabati anatumia vipimo hivyo kwenye takwimu: wastani wa kundi la kwanza, wa kundi la pili, na grafu. Wa biolojia anauliza kwa nini chipukizi hukua haraka linapobaki na wenzake wachache kwenye mzizi uleule. Mimi nachukua kipimamvua, kinachosomwa saa 3 asubuhi kila siku, ili tuone ukuaji unafuata mvua kwa kuchelewa kiasi gani.

Kuna jambo moja nalisimamia kwa ukali. Mwanafunzi akiandika kwamba mvua za mwaka huu zimethibitisha mabadiliko ya tabianchi, namrudishia daftari. Tabianchi huelezwa kwa wastani wa kama miaka 30. Daftari letu linasema habari za msimu mmoja, hali ya hewa tu. Kwa hoja ya tabianchi anahitaji kumbukumbu ndefu za kituo cha hali ya hewa, na kuzisoma ni kazi ya kidato cha juu.

Ratiba ndiyo inayohitaji akili zaidi. Kupogoa tunafanya Julai au Agosti, miti ikiwa imepumzika na muhula wa pili umeanza. Kipimo cha kwanza kinachukuliwa wiki hiyohiyo, cha pili kabla ya kufunga shule, cha tatu Machi. Pengo ni Desemba: mvua za kwanza hunyesha watoto wakiwa likizo. Kwa hiyo kabla ya kufunga tunawaandika wanaokaa karibu, wawiliwawili kwa wiki, na daftari la mvua linabaki kwa mlinzi wa getini, kwenye mfuko wa plastiki.