Koma kabla ya jina: nani anashukuriwa, nani alisubiriwa?

Katika barua pepe ninazohariri, koma inayosahaulika kuliko zote ni ile ya kabla ya jina la mtu anayesemeshwa. Mara nyingine haidhuru kitu. Mara nyingine inageuza maana nzima, hasa kitenzi kinapobeba kiambishi cha mtendwa, yaani ile -m- au -wa- ya katikati.

Tuseme Rehema amebaki kazini hadi jioni akimsubiri fundi. Mkuu wake anamwandikia: "Asante kwa kumsubiri Rehema." Nia yake ni kumshukuru Rehema, lakini ile -m- ya "kumsubiri" inadai mtu wa kusubiriwa, na jina lililo jirani ndilo linaloshikwa. Hapo Rehema ndiye amesubiriwa, na anayeshukuriwa ni mtu mwingine. Ukiandika "Asante kwa kumsubiri, Rehema," -m- inamrudia fundi aliyekwisha kutajwa. Tunapozungumza hatupotei, kwa kuwa sauti hutua kidogo kabla ya jina. Katika maandishi mtuo huo hauonekani mpaka uwekewe alama. Hali ni hiyo hiyo kwa wengi: "Asanteni kwa kuwajulisha walimu" na "Asanteni kwa kuwajulisha, walimu" ni shukrani kwa watu tofauti kabisa.

Ukiwa na shaka, hamisha jina mwanzoni. "Rehema, asante kwa kumsubiri." Kama hicho ndicho ulichotaka kusema, basi jina likibaki mwishoni lazima litanguliwe na koma. Kwenye "Asante kwa kunisaidia Rehema" utata ni mdogo, maana -ni- imeshanitaja mimi. Hata hivyo koma naiweka, kwa sababu mwandishi mwenye haraka hatakagua viambishi kila anaposhukuru.

Salamu za mwanzo hazina hatari kubwa hivyo. "Habari za kazi, Rehema" ndiyo sahihi, kwani salamu imekamilika yenyewe na jina ni la kumwita mtu. Wengi huandika "Habari Rehema," wakaweka koma ya mwisho tu. Katika ujumbe wa haraka siigusi, katika barua rasmi naongeza. Kosa linalonisumbua zaidi ni la upande wa pili: "Mpendwa, Rehema" au "Ndugu, Rehema". Hapa "mpendwa" na "ndugu" si salamu, ni sehemu ya namna ya kumtaja mtu, kama "Mwalimu Daudi" au "Bi. Rehema". Usivitenganishe.

Tahadhari moja ya mwisho wa barua. "Asante" yenye koma, kisha jina katika mstari wa chini, ni saini: jina ni la anayeandika. "Asante, Rehema" katika mstari mmoja humtaja anayeandikiwa. Lakini simu nyingi, zikionyesha dondoo la ujumbe kabla haujafunguliwa, huunganisha mistari, na saini ikafanana na shukrani. Ndiyo maana ninapomshukuru mtu kwa jina namalizia kwa nukta, "Asante, Rehema.", kisha jina langu naliweka mstari wa peke yake bila "Asante" nyingine juu yake.