Shahidi aliyesema mambo mawili: dhana potofu kuhusu dodoso na ukweli wake

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu kuhoji mashahidi ni hii: wakili akipata maelezo ambayo shahidi aliandikisha polisi, yanayopishana na maneno yake kizimbani, kesi imekwisha. Anayapunga hewani, shahidi anababaika, mshtakiwa anarudi nyumbani. Ukweli ni kwamba karatasi hiyo haina nguvu yoyote mpaka ipitishwe katika njia yake, na hata ikipitishwa vizuri, inathibitisha kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Tuchukue kesi moja ya kubuni. Duka limevunjwa usiku. Mlinzi wa jengo la jirani aliandikisha maelezo polisi kesho yake: "Niliona mtu mmoja akitoka mbio. Sura yake sikuiona kwa sababu kulikuwa na giza." Miezi kadhaa baadaye, akiongozwa na mwendesha mashtaka, anaiambia mahakama: "Nilimtambua mshtakiwa kwa sura. Taa ya nje ilikuwa inawaka." Sasa wakili wa utetezi anasimama kumdodosa, yaani kumhoji shahidi aliyeitwa na upande wa pili.

Dhana: maswali elekezi hayaruhusiwi mahakamani. Swali elekezi ni lile linalompa shahidi jibu ambalo muulizaji analitaka. Kinachokatazwa ni kumlisha maneno shahidi uliyemwita mwenyewe, juu ya jambo linalobishaniwa. Mwendesha mashtaka hawezi kumuuliza mlinzi wetu, "Ulimwona mshtakiwa akitoka dukani, sivyo?" Atamuuliza, "Uliona nini?" Lakini hata yeye anaweza kumwongoza katika mambo ya utangulizi au yasiyo na ubishi, kama vile jina, kazi na kwamba usiku ule alikuwa zamu. Kwenye dodoso hali inageuka. Hapo maswali elekezi yanaruhusiwa, nayo ndiyo nyenzo kuu ya wakili, kwa sababu shahidi wa upande wa pili kwa kawaida hana sababu ya kumpendeza anayemhoji.

Pia si kila swali la ndiyo au hapana ni elekezi. "Je, kulikuwa na taa?" linaacha milango miwili wazi. "Kulikuwa na giza totoro, si ndiyo?" linaacha mmoja tu.

Dhana: kuonyesha mgongano ni kusoma karatasi kwa sauti. Hapa ndipo mawakili wengi hupoteza walichokuwa nacho mkononi. Mwaka 1820, katika shauri la Malkia Caroline, majaji wa Uingereza walishauri kwamba shahidi lazima aonyeshwe maandishi yake kabla ya kuulizwa juu yake. Shahidi akawa anaonywa mapema mtego ulipo. Bunge lilirekebisha hilo baadaye katika karne hiyohiyo, na Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, ambayo sheria za Kenya na Tanzania zilichota kwake, ikaweka kanuni inayofuatwa mpaka leo: unaweza kumdodosa shahidi kuhusu maelezo yake ya maandishi bila kumwonyesha, lakini ukikusudia kumpinga kwa maandishi hayo, sharti kwanza umwelekeze kwenye sehemu zilezile unazozitegemea.

Kwa mlinzi wetu, wakili makini ataanza kwa kufunga maneno ya leo. "Umeiambia mahakama kwamba ulimtambua mshtakiwa kwa sura?" Ndiyo. "Na kwamba taa ilikuwa inawaka?" Ndiyo. Akiruka hatua hii, shahidi atajitetea baadaye kwamba alieleweka vibaya.

Kisha anajenga uzito wa maelezo ya kwanza, swali moja jambo moja. Uliandikisha maelezo polisi kesho yake? Tukio lilikuwa bado bichi akilini? Ulisomewa ulichosema? Ukakubali ni sahihi, ukaweka saini yako? Maswali haya yanaonekana ya kawaida, lakini kila jibu linamnyima shahidi kisingizio kimoja.

Ndipo anapomwelekeza kwenye sentensi yenyewe, kama ilivyoandikwa, bila kuifupisha wala kuipamba. Shahidi akikiri kwamba ndivyo alivyosema, mgongano umesimama. Akikana, askari aliyeandika maelezo anaweza kuitwa kuthibitisha kwamba ndiye aliyeyasema. Hatimaye wakili anaomba maelezo yapokewe kama kielelezo. Hatua hii husahaulika mara nyingi, na ni kosa linaloumiza sana, kwa sababu wakili anakuja kujenga hoja zake za mwisho juu ya karatasi ambayo haimo kwenye kumbukumbu za shauri. Jaji hawezi kupima kitu ambacho hakikutolewa mbele yake.

Akifika hapo aishie hapo. Swali la "Kwa nini basi ulibadilisha?" linamfungulia shahidi uwanja wa kuhutubia. Nafasi ya kufafanua anayo, kwani aliyemwita anaweza kumhoji tena kuhusu yale yaliyoibuka kwenye dodoso.

Dhana: maelezo ya polisi yakishapokewa, yaliyoandikwa humo ndiyo ukweli. Kwa kanuni ya zamani ya sheria za asili ya Kiingereza, sivyo. Maelezo yaliyopingana hupokewa ili kupima kama shahidi anaaminika. Hayathibitishi kwamba usiku ule kulikuwa na giza. Yanaonyesha tu kwamba mtu huyu amesema mambo mawili juu ya jambo moja, kwa hiyo neno lake la kumtambua mshtakiwa halitoshi kuegemewa.

Tofauti hii inauma zaidi mambo yakiwa kinyume. Tuseme mlinzi aliwaambia polisi alimtambua mshtakiwa, halafu mahakamani akasema hakuona mtu. Upande wa mashtaka unaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kumhoji kama shahidi aliyegeuka, hata kwa maswali elekezi, na kumkabili kwa maelezo yake. Watafaulu kumvunjia uaminifu, lakini chini ya kanuni ile hawajapata ushahidi wa utambuzi. Wamebaki na shahidi asiyeaminika na pengo palepale. Baadhi ya nchi zimelegeza jambo hili. Mahakama ya Juu ya Kanada ilifungua mlango mwaka 1993 kwa masharti, na Uingereza ilitunga sheria mwaka 2003 inayoruhusu maelezo hayo kutumika kama ushahidi wa yaliyomo katika kesi za jinai. Mimi naona tahadhari ya zamani ina sababu nzito: maelezo huandikwa bila kiapo na kwa kalamu ya mtu mwingine, na yalipokuwa yakiandikwa hapakuwa na wa kumdodosa msemaji.

Dhana: kupishana kokote kunamfanya shahidi kuwa mwongo. Mlinzi akisema leo ilikuwa saa nane usiku na kule polisi alikuwa amesema saa nane na nusu, hakuna jaji makini atakayemtupa kwa hilo. Kumbukumbu za watu waaminifu hupishana, na mashahidi wanaofanana neno kwa neno ndio hutia shaka ya kufundishwa. Kinachopimwa ni kama mgongano unagusa mzizi wa kesi. Mwanga na sura ndivyo vinavyobeba utambuzi wote hapa, kwa hiyo mgongano huu ni mzito. Jambo lililoachwa kabisa kwenye maelezo hupimwa hivyohivyo: kama ni kubwa kiasi kwamba mtu asingesahau kulitaja kesho yake, kuachwa kwake kunazungumza.

Na kama wakili wa utetezi angekaa kimya, asimguse mlinzi juu ya mwanga, kisha akadai kwenye hoja za mwisho kwamba kulikuwa na giza? Tangu shauri la Browne dhidi ya Dunn la mwaka 1893, kanuni ni kwamba ukitaka kumpinga shahidi, umkabili na jambo hilo akiwa bado kizimbani, apate kulijibu. Neno la shahidi ambalo halikuguswa kwenye dodoso, mahakama inaweza kulichukua kuwa limekubaliwa.